Thumni Arobaini: Nilivyojifunza Kutoyumba Alama za Mapigo Zinapobadilika

Kwa miaka mingi nilipiga gita la besi nikiamini kwamba nina mdundo imara, na imani hiyo haikukosa sababu, kwa kuwa karibu kila muziki niliopiga ulianza kwa mapigo manne na kumalizika kwa mapigo manne. Saa yangu ilikuwa mguu wa kulia. Niliuacha ugongegonge sakafu wenyewe, vidole vikaufuata, na sikuwa na haja ya kuwaza zaidi ya hapo. Kisha kikundi chetu cha watu saba kikaletewa muziki uliotungwa na mpiga kinanda wetu, mzee ambaye sote tunamwita Mwalimu, na katika sehemu ya pili ya muziki huo kulikuwa na vipimo sita ambavyo ndani yake alama ya mapigo ilibadilika mara tano. Siku ya kwanza ya mazoezi nilifika mwisho wa vipimo hivyo peke yangu, kabla ya wenzangu wote, nikiwa na uhakika kamili kwamba wao ndio waliochelewa.

Kabla sijaeleza kilichotokea, niseme maneno nitakayoyatumia. Kipimo ni kile kisehemu cha muziki kilichofungwa kati ya mistari miwili ya wima. Alama ya mapigo ni zile tarakimu mbili zinazopandana, ya juu ikitaja idadi na ya chini ikitaja aina ya noti inayohesabiwa. Noti inayotajwa kwa 4 nitaiita robo, na ile inayotajwa kwa 8 nitaiita thumni, kwa kuwa ni sehemu ya nane ya noti nzima. Robo moja ni thumni mbili. Robo yenye nukta ubavuni ni thumni tatu. Hayo yanatosha.

Vipimo vyetu sita vilipangwa hivi: 4/4, 7/8, 3/4, 6/8, 5/8, kisha 4/4 tena, na kifungu chote kilirudiwa mara nne. Nilipoiona karatasi nyumbani niliogopa zile tarakimu za ajabu, 7/8 na 5/8, nikazifanyia mazoezi jioni nne mfululizo mpaka vidole vikazizoea. Kipimo cha 3/4 na cha 6/8 sikuvigusa hata kidogo, maana nimevipiga tangu nilipoanza kushika gita na niliviona kama jamaa wa siku nyingi. Baadaye niligundua kwamba hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mwalimu aliniambia nipige peke yangu huku wenzangu wakipiga makofi ya thumni, kofi moja kwa kila thumni, bila kutia mkazo popote. Kasi iliyoandikwa ilikuwa robo 84 kwa dakika, kwa hiyo makofi yalikuwa 168 kwa dakika. Kipimo cha kwanza kilikwenda sawa, cha 7/8 kikaenda sawa, cha 3/4 kikaenda sawa. Nilipoingia 6/8 makofi yakaanza kunipinga. Nilisimama nikawatazama wenzangu, nao wakaendelea kupiga makofi yaleyale bila kubadilisha chochote.

Kosa langu lilikuwa hili. Kipimo cha 3/4 na cha 6/8 vyote vina thumni sita, ila 3/4 inazigawa katika mapigo matatu ya thumni mbilimbili, na 6/8 inazigawa katika mapigo mawili ya thumni tatutatu. Katika muziki wa Mwalimu, thumni ndiyo iliyopaswa kubaki ileile, hivyo pigo la 6/8 lilitakiwa kuwa refu kuliko pigo la 3/4. Kwa kasi ile, mapigo marefu yangekuwa 56 kwa dakika badala ya 84. Mguu wangu haukujua habari hizo. Ulisoma mapigo mawili, ukagonga mara mbili kwa mwendo uleule wa 84, na vidole, vikijaribu kuingiza noti tatu katika kila pigo la mguu, vikaharakisha thumni kutoka 168 hadi 252. Kipimo kilichostahili kuchukua nafasi ya thumni sita kikachukua nafasi ya nne. Nilikuwa nimeiba thumni mbili, yaani karibu sehemu saba za kumi za sekunde, na kwa mpiga besi huo ni wizi unaosikika mpaka nje ya ukumbi.

Jambo lililonishangaza zaidi lilimhusu mpiga trombo wetu, ambaye siku ile alifika mwisho pamoja na wengine na hakuna aliyemshuku. Alipopewa zamu ya kupiga peke yake juu ya makofi, ikaonekana kwamba amekosea mara tatu. Katika 7/8 aliongeza thumni moja ili kipimo kimkae vizuri kama 4/4, katika 6/8 alipunguza mbili kama mimi, na katika 5/8 akaongeza moja tena, akaifanya kuwa mapigo mawili marefu yaliyolingana. Ongeza moja, toa mbili, ongeza moja: jumla ni sifuri. Makosa yalifutana, naye akatua salama kwenye kipimo cha mwisho akiwa amekaa nje ya muziki kwa vipimo vinne. Tangu hapo sikubali kwamba kukutana mwishoni kunathibitisha jambo lolote kuhusu njia iliyopitwa.

Mwalimu hakutupa hotuba. Aliuliza swali moja tu, ambalo nimelibeba kila nilipokwenda: "Mkivuka mstari huu, ni kitu gani kinachobaki na ni kitu gani kinachobadilika?" Alimaanisha kwamba katika kila badiliko la alama, kuna kimoja kinachoendelea bila kukatika. Ama thumni inabaki na pigo linarefuka au kufupika, ama pigo linabaki na thumni ndizo zinazobadilika mwendo. Mpigaji asiyejua jibu kabla ya kuvuka huamuliwa na mguu wake, na mguu hupenda pigo lisibadilike.

Katika vipimo vyetu sita jibu lilikuwa thumni mahali pote, na mtunzi alikuwa ameliandika juu ya mstari kwa alama ndogo, noti ya thumni, ishara ya sawasawa, na thumni nyingine. Nilikuwa nimeiona nikadhani ni pambo. Mahali ambapo hakuna alama kama hiyo, desturi katika muziki unaochanganya 4/4 na 7/8 ni kuchukulia kwamba thumni ndiyo inayobaki, lakini 3/4 inapokutana na 6/8 ni heri kuuliza kuliko kukisia.

Basi nilijua kinachobaki. Namna ya kukishika ilikuwa habari nyingine, na hapa lugha yetu ilinisaidia kwa njia ambayo sikuitarajia.

Kwanza nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nilihesabu kila thumni kwa namba yake, moja hadi saba, kisha moja hadi sita, kisha moja hadi tano. Kwa mwendo wa polepole iliwezekana. Kwa kasi halisi ulimi ulikwama, na sababu yake ni rahisi ukiitazama: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, kila moja ina silabi mbili, hata nne, ambayo tunaitamka n-ne. Kuzihesabu thumni 168 kwa dakika kwa namba hizo ni kutamka silabi 336 kwa dakika, na kabla ya kipimo cha tatu mdomo umeshageuka uji. Pamoja na hayo, kuhesabu hivyo kunazifanya thumni zote kuwa na uzito mmoja, ilhali 7/8 yetu haikuwa noti saba zilizopangwa foleni. Ilikuwa makundi matatu, mbili na mbili na tatu.

Nikajaribu maneno. Kwa kundi la thumni mbili nilisema "mama", na kwa kundi la tatu nikasema "karibu". Ilionekana ni busara, nikaitumia siku mbili, mpaka mpiga ngoma aliponiambia kwamba katika 6/8 mkazo wangu unaangukia noti ya pili ya kila kundi. Alikuwa sahihi kabisa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "mama" huanza na mkazo, lakini neno la silabi tatu huuweka katikati: ka-RI-bu. Nilikuwa najifundisha kosa kwa bidii. Yeyote anayetafuta maneno ya kushikia mdundo na akili yake inawaza kwa Kiswahili ajihadhari na hilo, kwa sababu karibu maneno yetu yote ya silabi tatu yatamfanyia vivyo hivyo.

Dawa ilikuwa ndani ya udhaifu uleule wa namba. Kama kila namba ina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya kwanza, basi namba moja inatosha kuwa kundi zima la thumni mbili: mo-ja ni robo iliyokwisha kugawanywa. Na kundi la thumni tatu hupatikana kwa kuongeza "na" baada ya namba: moja-na. Kwa kuwa "na" ni neno linalojitegemea, mkazo unabaki kwenye "mo" palepale. Vipimo sita vikawa mstari mmoja ambao naweza kuunena kwa pumzi mbili:

moja mbili tatu nne | moja mbili tatu-na | moja mbili tatu | moja-na mbili-na | moja-na mbili | moja mbili tatu nne

Ukizihesabu silabi utapata nane, saba, sita, sita, tano, nane. Jumla ni arobaini, ndizo thumni zote za kifungu, na kila silabi hutamkwa kwa urefu uleule. Namba ndiyo pigo ambalo mwili unalihisi, silabi ndiyo thumni. Kuna mapigo kumi na nane, nitayaita hatua, kumi na nne fupi na nne ndefu, na mpigaji hana la kukumbuka isipokuwa mahali "na" inapotokea. Kwenye karatasi yangu nilichora kijistari juu ya kila hatua fupi na pembetatu ndogo juu ya kila hatua ndefu, jambo ambalo wapigaji wengi wa okestra hufanya kwa penseli, nikaacha kabisa kuzitazama tarakimu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu pana mtego. Alama 5/8 haikuambii kama kundi refu liko mwanzoni au mwishoni. Yetu ilikuwa tatu kisha mbili, moja-na mbili, na mtunzi alionyesha hivyo kwa kuziunganisha thumni tatu za kwanza kwa mstari mmoja mnene na mbili za mwisho kwa mwingine. Mpiga tarumbeta alikuwa na noti moja tu ndefu katika kipimo hicho, hivyo karatasi yake haikuonyesha makundi yoyote, naye akajichagulia mbili kisha tatu. Kwa muda mrefu hapakuwa na ubaya, maana noti moja ndefu ni noti moja ndefu. Siku Mwalimu alipomwandikia noti ya pili katikati ya kipimo, noti hiyo ilitua thumni moja kabla ya pigo la ngoma, na tukadhani anaharakisha. Hakuwa anaharakisha, alikuwa anatembea kwa mpangilio mwingine. Dalili ya kutambua tofauti hii ni kwamba wawili huanza pamoja na kumaliza pamoja, ila katikati husikika kama mlango unaogongwa mara mbili.

Baada ya mdomo ulikuja mwili. Mguu wangu uligoma kujifunza hatua ndefu ukiwa umekaa, basi nikasimama na kutembea chumbani huku nikipiga makofi ya thumni: hatua moja kwa kila namba, mguu mmoja hadi mwingine, na kwenye "na" mguu unasubiri kofi moja zaidi kabla ya kushuka. Siku ya kwanza nilijikwaa kwenye 6/8 kila mara, kwa kuwa mwili ulitaka kushuka mapema. Nilipoweza kutembea mizunguko yote minne bila kusita, niliketi na gita na nikagundua kwamba mguu haugongi tena. Ulikuwa umetulia, na hesabu ilikuwa imehamia mahali pengine, tumboni labda. Siwashauri wengine waukataze mguu kugonga, lakini mguu unaogonga robo wakati muziki umeingia 7/8 ni shahidi wa uongo, na anayeuamini atahukumu vibaya.

Kasi ya mazoezi nayo ina mipaka yake. Nilidhani kadiri ninavyopunguza ndivyo nitakavyoimarika, nikashusha robo hadi 40. Kwa mwendo huo kila thumni iligeuka kuwa pigo zima, makundi ya mbili na tatu yakapotea, nikajikuta ninahesabu tena moja hadi saba. Nilichoona kinafaa kilikuwa robo 56, yaani theluthi mbili ya kasi halisi, ambapo moja-na bado inasikika kuwa kitu kimoja. Kutoka hapo nilipanda kidogokidogo. Na sikupiga kifungu chote kila mara. Nilipiga viungo: kundi la mwisho la kipimo kimoja na kundi la kwanza la kinachofuata, kwa mfano "tatu-na" ya 7/8 na "moja" ya 3/4, mara kumi na mbili, kisha kiungo kingine. Ndani ya kipimo mara nyingi mtu hapotei, hupotea mlangoni.

Kisha metronomu, kile chombo kinachotoa mlio kwa kasi uliyokipangia. Wengi husema metronomu haifai kwa muziki wa namna hii kwa kuwa mlio wake haukubaliani na vipimo visivyo shufwa. Mimi nimeona kutokubaliana huko ndiko kunakofaa, mradi ujue mapema ni wapi mlio utakapoangukia. Nilianza kwa mlio wa thumni, 168, ambao haukupingi popote lakini pia haukusaidii sana, kwa sababu unakufanyia kazi yote. Baada ya siku tatu niliuweka kwenye robo, 84, nikakaa na penseli kuandika mahali kila mlio utakapotua.

Katika 4/4 ya kwanza mlio na namba huenda pamoja. Katika 7/8 vilevile, moja, mbili, tatu, na mlio wa nne unaangukia "na". Hapo ndipo mambo yanapogeuka: kipimo cha 3/4 kinaanza kati ya milio miwili, na kwa kipimo hicho chote mlio unaangukia silabi ya pili ya kila namba, kwenye "ja", "li" na "tu". Katika 6/8 mlio wa kwanza unaangukia "ja", wa pili unakutana barabara na "mbili", na wa tatu uko kwenye "na". Katika 5/8 unaangukia "ja" tena na kisha unakutana na "mbili". Halafu 4/4 ya mwisho inaanza, na mlio umerudi nyumbani juu ya "moja". Mambo hayo hutokea kwa sababu 7 na 5 ni witiri zote mbili: ya kwanza inausukuma muziki nje ya mlio, ya pili inaurudisha.

Ukaguzi huu ndio ungemnasa mpiga trombo. Katika njia yake ya makosa, mlio ungekubaliana naye katika 3/4 yote, na makubaliano hayo mazuri ndiyo yangekuwa dalili ya kosa. Niliandika kwa herufi kubwa juu ya kipimo hicho: MLIO UPINGE. Ilinichukua wiki nzima kuzoea kupiga kwa utulivu huku metronomu ikinipinga, maana sikio linataka sana kupatana nayo, na kila nilipolegea nilijikuta nimeteleza thumni moja na ninafurahia amani isiyo halali.

Nilipozoea, nilishusha mlio hadi 42, mlio mmoja kwa kila robo mbili. Sasa katika kifungu chote kuna milio kumi tu, na sehemu za kukutana ni chache: mwanzo na katikati ya 4/4, mwanzo wa 7/8 na "tatu" yake, halafu "mbili" ya 6/8, kisha mwanzo wa 4/4 ya mwisho na katikati yake. Katika 3/4 na 5/8 mlio hugusa silabi za pili tu. Kati ya "tatu" ya 7/8 na "mbili" ya 6/8 uko karibu peke yako, thumni kumi na mbili bila mlio unaoafikiana na namba yoyote. Hapo ndipo nilipojua kama ninabeba thumni mwenyewe au ninazikopa.

Kulikuwa na tatizo la ukimya pia. Katika mzunguko wa tatu besi inanyamaza kuanzia 7/8 hadi katikati ya 6/8, kisha inaingia kwenye "mbili". Kunyamaza ni kugumu kuliko kupiga, kwa kuwa vidole ambavyo vingeubeba mdundo havina kazi. Nilijaribu kusikiliza tarumbeta ili inionyeshe njia, na nikachelewa kila mara, kwa sababu anayesubiri kusikia ndipo aingie huwa ameshachelewa kwa muda wa kusikia. Nilirudi kwenye silabi, nikizinena kimyakimya kwa ulimi unaosogea kweli ndani ya mdomo, na tarumbeta nikaiacha iwe ya kuhakikisha tu.

Na mtu akipotea? Hutokea, hata siku za maonyesho. Kosa la kwanza ni kukimbiza vipimo vilivyokwisha pita, ukijaribu kubana noti zako ili uwafikie wenzako. Tulikubaliana kwamba aliyepotea anyamaze, asubiri 4/4, na aingie kwenye "moja" yake, kwa kuwa katika kifungu chetu 4/4 ya mwisho na 4/4 ya kwanza ya mzunguko unaofuata zinakaa bega kwa bega, hatua nane fupi mfululizo, na mpiga ngoma huziwekea ngoma kubwa. Huo ndio uwanja mpana wa kutua. Kifungu chote kwa kasi ile huchukua sekunde kumi na nne hivi, kwa hiyo hakuna anayenyamaza kwa muda mrefu.

Uandishi wenyewe unaweza kumpa mpigaji nafuu au kumwongezea mzigo. Inajulikana kwamba mtunzi Stravinsky, miaka thelathini baada ya muziki wake wa Taratibu za Majira ya Kuchipua kupigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913, aliiandika upya dansi ya mwisho ya muziki huo mwaka 1943 na kuzifanya noti zake kuwa na thamani mara mbili, kilichokuwa nusu ya thumni kikaandikwa kuwa thumni, ili isomeke kwa urahisi zaidi. Mwendo wa sauti haukulazimika kubadilika kwa hilo, jicho ndilo lililopunguziwa kazi. Nilipomweleza Mwalimu habari hiyo alicheka, kisha wiki iliyofuata akatuletea karatasi mpya ambazo 5/8 na 4/4 ya mwisho hazikukatwa tena katikati na mwisho wa mstari wa ukurasa.

Nilikuwa nimeshaanza kujiona mjuzi tulipofika sehemu ya tatu. Mizunguko minne inapokwisha muziki unaingia 12/8, na juu ya mstari kuna alama nyingine: robo ni sawa na robo yenye nukta. Hapa jibu la swali la Mwalimu limepinduka. Kinachobaki ni pigo, 84 kwa dakika kabla na baada, na thumni ndizo zinazoharakishwa kutoka 168 hadi 252, kile hasa nilichokifanya kwa makosa siku ya kwanza. Sasa mguu wangu ulikuwa umefunzwa kulinda thumni kwa gharama yoyote, nami niliingia 12/8 kwa mwendo mzito kama gari lililopakia mchanga, mapigo 56, huku wenzangu wakiwa wameshaondoka. Niongeze hapa kwamba alama hizo za sawasawa lazima zisomwe kwa makini: kwa kawaida noti ya kushoto ni ya kipimo kinachokwisha na ya kulia ni ya kinachoanza, lakini yako machapisho ambayo mpangilio wake ni kinyume, na anayesoma toleo asilolijua ajaribu pande zote mbili na kusikiliza ipi ina maana.

Kwa badiliko la namna hii silabi za ziada huandaliwa kabla ya mlango. Katika 4/4 ya mwisho kabisa ninanena: moja, mbili, tatu-na, nne-na, ila safari hii namba haziongezwi urefu. "Tatu-na" inapaswa kuingia katika nafasi ya "tatu", silabi tatu mahali pa mbili, na kwa hiyo silabi zenyewe zinaharakishwa. Vidole vinaendelea kupiga robo zake kama kawaida, na ndani ya kichwa mwendo wa 12/8 umeshaanza mapigo mawili kabla haujaandikwa. Nikivuka mstari sibadilishi kitu.

Kurudi kutoka 12/8 kwenda 4/4 mwishoni mwa sehemu hiyo bado kunanisumbua. Kwa nadharia ni kuondoa "na" katika mapigo mawili ya mwisho na kuziacha silabi mbili zijitanue katika nafasi ya tatu, lakini silabi zilizozoea kukimbia hazipendi kupunguza mwendo, na rekodi za mazoezi yetu zinaonyesha kwamba robo yangu ya kwanza katika 4/4 huwa fupi kidogo, kisha ya pili inajirekebisha. Mpiga ngoma ameshaizoea. Mimi nimeandika juu ya kipimo cha mwisho cha 12/8 neno moja kwa penseli, "tanua", na kila jioni ninavipiga vipimo hivyo viwili peke yake, metronomu ikiwa kwenye 42.